Suruali namba 34, mkanda namba ngapi? Tulinganishe njia za kuchagua urefu

Bahati wa Katindo, Goma

Ndugu zangu, naomba msaada kabla ya Jumamosi, kwa sababu muuzaji amekubali kunibadilishia bidhaa mara moja tu. Nilinunua mkanda wa ngozi kule Birere. Suruali zangu zote zimeandikwa 34, na kwa kuwa inchi 34 ni sentimita 86, nilichukua mkanda ulioandikwa 85 bila hata kuujaribu. Nyumbani nikakuta ulimi wa bizimu unafika tundu la mwisho kwa shida, tena baada ya kuvuta tumbo ndani, na ncha inayobaki haizidi upana wa vidole vinne, kiasi kwamba kitanzi cha kuishikia hakina kitu cha kushika.

Nimeshauriwa njia tatu, nami nashindwa kuchagua: kuongeza inchi mbili juu ya namba ya suruali, kupima mkanda wangu wa zamani, au kununua mrefu kabisa kisha fundi aukate. Ipi ni ya kuaminika? Na kwa nini namba hizi mbili hazilingani, ilhali kiuno ni kimoja?

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi

Kijana wangu, jibu ni jepesi. Namba ya mkanda ni urefu wake wote, kuanzia bizimu mpaka ncha, na ndiyo maana lazima iwe kubwa kuliko kiuno. Chukua kiuno chako, ongeza sentimita 15 za ile sehemu inayoning'inia, basi. Kwako wewe ni 86 na 15, yaani 100 na kidogo. Mimi nimenunua hivyo miaka yote na sijawahi kurudisha mkanda dukani.

Mama Neema, Goma

Mimi naona tatizo ni upana. Mume wangu alinunua mkanda wa sentimita 4 kwa ajili ya suruali ya suti, ukakataa kupita kwenye vitanzi vya kiunoni, kwa maana suruali za namna hiyo huvumilia 3 au 3 na nusu. Bahati, pima upana kwanza.

Bahati wa Katindo, Goma

Ahsante, mama, lakini upana wangu hauna shida, unapita vizuri. Nasumbuliwa na urefu.

Fundi Ngozi wa Kadutu, Bukavu

Mzee wangu wa Kamalondo, nakuheshimu, na uko sahihi kwa mikanda ya aina moja tu. Ipo mikanda sokoni ambayo aliyeitengeneza amepiga muhuri wa urefu wote, na ukikuta 110 juu ya mkanda ambao mwanamume wa kawaida anauvaa, huenda ni hiyo. Lakini desturi ya mafundi wengi na viwanda vingi ni nyingine: mkanda una matundu matano, na namba yake ni umbali kutoka pale ngozi inapojikunja kushika bizimu hadi tundu la katikati, yaani la tatu. Bizimu lenyewe halihesabiwi, wala ncha haihesabiwi. Bahati akifuata hesabu yako na kupata mkanda wa 100 uliopimwa kwa desturi hii, atafunga tundu la kwanza na bado utalegea. Kwa hiyo usiamini namba peke yake. Beba mita ya fundi, laza mkanda mezani, upime mwenyewe hadi tundu la tatu.

Sasa tuje kwenye sababu. Suruali inagusa mwili, mkanda unazunguka juu ya suruali, na duara la nje siku zote ni refu kuliko la ndani. Watu hudharau jambo hili kwa sababu kitambaa kinaonekana chembamba. Shika kiuno cha suruali yako kwa vidole viwili: kuna kitambaa cha nje, kuna kitambaa kigumu cha kati, kuna cha ndani, na shati limechomekwa chini yake. Tuseme vyote pamoja ni milimita 4. Kila milimita ya unene huongeza mzunguko kwa milimita 6 na kidogo, hivyo milimita 4 zinakula sentimita 2 na nusu, ambayo ni karibu inchi moja nzima. Halafu mkanda nao una unene. Ulipopimwa ulikuwa umelala mezani, lakini unapokunjwa kuzunguka mwili, upande wa ndani unabanwa na ule wa nje unavutika, na kwa ngozi ya milimita 3 na nusu unapoteza takriban sentimita moja. Umeshafika sentimita 3 na nusu bila kugusa namba ya suruali.

Na namba ya suruali nayo haisemi kweli kila mara. Funga kifungo, laza suruali yako, nyoosha kiuno chake, pima kutoka ukingo hadi ukingo, kisha uzidishe kwa mbili. Naomba ufanye hivyo leo utuambie.

Bahati wa Katindo, Goma

Nimepima, fundi. Suruali ya kazini imenipa 44 na nusu, mara mbili ni 89. Nyingine, ambayo pia imeandikwa 34, imenipa 91. Kumbe hata zenyewe hazikubaliani!

Fundi Ngozi wa Kadutu, Bukavu

Ndivyo ilivyo. Watengenezaji wengi huandika kiuno cha mtu wanayemkusudia, wala si kipimo cha kitambaa, na wengine huongeza nafasi ili mteja afurahie kuvaa namba ndogo. Isitoshe, suruali ya siku hizi haikai kiunoni penye kitovu, inakaa chini zaidi karibu na nyonga, ambako wengi wetu tuna mzunguko mkubwa zaidi. Ndiyo maana kanuni ya inchi mbili inafanya kazi: haikutoka kwenye hesabu moja, ni mkusanyiko wa mambo madogo ambayo kwa kawaida yanafikia sentimita 5 hivi. Kwa mtu mwembamba anayevaa kitambaa chepesi, inchi moja inaweza kutosha. Kwa anayevaa suruali nzito ya jinzi na shati nene, mbili ni haki yake.

Lakini mkanda wa zamani unashinda kanuni zote, kwa kuwa hesabu hizo zimo ndani yake tayari. Tafuta tundu ambalo limevutika na kuwa kama yai, na mbele yake kuna mkunjo mweusi. Pima kutoka mkunjo wa bizimu hadi hapo. Usipime mkanda ukiwa umeviringika, unyooshe kabisa.

Bahati wa Katindo, Goma

Mkanda wangu wa zamani umenipa sentimita 92 hadi tundu lililochakaa.

Furaha, mwanafunzi wa ushonaji, Bukavu

Hapo ndipo ulinganisho unapokuwa mtamu. Inchi 34 na mbili ni 36, sawa na sentimita 91 na nusu, na mkanda wa zamani unasema 92. Njia mbili tofauti zimekutana. Matatizo ni kwamba dukani utakuta 90 na 95, hutakuta 92. Matundu hupishana sentimita 2 na nusu. Mkanda wa 90 una matundu kwenye 85, 87 na nusu, 90, 92 na nusu, na 95, kwa hiyo utafunga la nne. Mkanda wa 95 unaanzia 90, nawe utafunga la pili, ambalo pia ni 92 na nusu. Ule wako wa 85 uliishia 90, ndiyo maana ulikunyonga.

Mimi ningechukua 90. Ukifunga la nne, ncha inayobaki ni fupi na nadhifu, haifiki mbali ubavuni. Ukifunga la pili kwenye 95, unaongeza sentimita 5 za ncha, na kwa mtu mwembamba hiyo inaanza kuonekana kama mkanda wa kuazima.

Fundi Ngozi wa Kadutu, Bukavu

Hapo sikubaliani na mwanangu Furaha. Ukifunga la nne leo, umebakiwa na tundu moja tu la kupanua, na tumbo la mwanamume wa Goma baada ya sombe na samaki linahitaji mawili. Ncha nzuri inavuka kitanzi cha kwanza cha suruali upande wa kushoto na kuishia kabla ya kile cha pili. Kwenye 95 akifunga la pili, ncha itabaki kama sentimita 15, na kwenye suruali nyingi bado iko ndani ya mpaka huo. Ajaribu dukani.

Kuhusu kununua mrefu na kukata: inawezekana, ila mkanda hukatwa upande wa bizimu, kamwe si upande wa ncha. Bizimu likishikwa kwa skrubu au kwa meno ya kubana, ni kazi ya dakika chache: unafungua, unakata sentimita zilizozidi, unarudisha. Likiwa limeshonwa, fundi afumue, apunguze ngozi kwenye mkunjo ili isivimbe, atoboe upya nafasi ya ulimi, kisha ashone. Wanaoongeza tundu kwa msumari wa moto wanaharibu, maana tundu hilo halina ukingo safi na linararuka kuelekea ncha. Na kwa mkanda wa vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi, usitoboe kabisa. Tazama ukingo uliokatwa: ngozi halisi ni nyuzi zilizoshikamana, ile nyingine inaonekana kama mkate mkavu kati ya karatasi mbili.

Mwana Ruashi, Lubumbashi

Kwa nini hamtaji mkanda wa meno, usio na matundu? Unakatwa nyumbani kwa mkasi, na unasogea nusu sentimita kwa nusu sentimita. Bahati angepata 92 yake kamili na mjadala ungekwisha.

Furaha, mwanafunzi wa ushonaji, Bukavu

Ni kweli, mpaka utepe wa plastiki wenye meno ulainike na bizimu lianze kuachia unapoinama. Mkanda wa matundu ukichoka unauona. Ule hukuaibisha ghafla.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi

Nimepima mkanda wangu kama fundi alivyosema. Umeandikwa 120, na hadi tundu la tatu ni 105. Basi wangu ni wa ile aina ya urefu wote, nimekubali. Lakini nina shida yangu: tumbo langu linaning'inia, suruali naivaa chini yake, na kila mkanda unateremka. Nivae namba gani?

Fundi Ngozi wa Kadutu, Bukavu

Mzee wangu, pima mahali mkanda unapokaa hasa, chini ya tumbo, ukiwa umesimama, kisha ukiwa umeketi. Utuletee namba zote mbili.

Bahati wa Katindo, Goma

Nimerudi kutoka Birere. Nimejaribu yote miwili juu ya suruali ya kazini nikiwa nimechomeka shati. Ule wa 90 ulipendeza zaidi, Furaha hakukosea, ila nilipochuchumaa ulinibana. Nimechukua 95. Nafunga la pili, ncha inavuka kitanzi cha kwanza kwa vidole vitatu. Kwenye ile suruali ya 91 nafunga la tatu.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi

Nimesimama 104, nimeketi 111. Sasa nifuate ipi?