Riba ya kipindi cha ujenzi: iingie kwenye fedha za mradi au isiingie?

Muulizaji: Tunajenga mtambo kwa miaka miwili. Milioni 100 zinalipwa mwanzoni mwa kila mwaka, na mkopo una riba ya 10% inayolimbikizwa hadi siku ya kuwasha. Kiwango chetu cha punguzo, yaani asilimia tunayotumia kurudisha fedha za baadaye kwenye thamani ya leo, nacho ni 10%. Siku ya kuwasha, mapato yote yajayo yatakuwa na thamani ya milioni 235. Nikiweka riba kwenye gharama, mradi unaanguka, nikiiondoa, unapita. Kamati imegawanyika. Kodi tuiache kwanza.

Mhasibu: Iweke. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 23, inataka riba ya mkopo wa kujengea mali ya namna hii iingie kwenye gharama ya mali hiyo. Ya mwaka wa kwanza ni 10, ya pili ni 21, kwa hiyo mtambo utaingia vitabuni kwa 231. Anayesema umegharimu 200 anaficha 31.

Mchambuzi wa miradi: Vitabuni uko sahihi kabisa, ndugu yangu, ila hapa hatuandai vitabu. Tunauliza kama mradi unastahili fedha. Rudisha 235 nyuma miaka miwili kwa 10%, utapata 194.2. Gharama ni 100 za leo na 100 za mwakani, ambazo leo ni 90.9, jumla 190.9. Ziada ni 3.3, mradi unapita.

Sasa ongeza ile 10 na ile 21 kama malipo, uzipunguze nazo. Unatoa karibu 26.4 zaidi, na ziada inageuka hasara ya 23.1. Hakuna kilichobadilika kwenye mtambo. Ile 10% ya punguzo ndiyo malipo ya mwenye fedha kwa kusubiri; ukiandika tena riba yake kama gharama, umemlipa mara mbili kwa subira ileile.

Mkandarasi: Mimi mteja alinichelewesha miezi sita, nikakopa kulipa vibarua. Riba ilikula faida yote. Leo naambiwa riba si gharama?

Mchambuzi wa miradi: Ni gharama, pole sana. Lakini hata bila kuandika riba, hesabu yangu ingekuonyesha maumivu hayo, kwa sababu fedha ya mteja ingesogezwa mbele na kupungua thamani. Chukua mtambo huu: ukichelewa kuwashwa mwaka mmoja, 235 zinarudi nyuma miaka mitatu na kuwa 176.6. Ziada ya 3.3 inakuwa hasara ya 14.3, na neno riba halijaandikwa popote.

Mhandisi: Sisi hatupunguzi chochote. Tunalinganisha siku ya kuwasha: 235 kwa 231, ziada 4. Riba imo na mradi umepita. Kwa hiyo nyote mnagombana bure.

Mchambuzi wa miradi: Nusu. Ziada yako ya 4 ukiirudisha nyuma miaka miwili ni 3.3 yangu, maana umehesabu subira mara moja tu. Lakini imekubali kwa sababu riba ya benki imelingana na kiwango cha punguzo. Benki ikitoza 6%, utalimbikiza hadi 218.4 tu na mradi utaonekana mtamu kuliko ulivyo. Limbikiza kwa kiwango cha punguzo, la sivyo acha.

Afisa mikopo: Msiifute kabisa, jamani. Mkopo wa 200 hautoshi kama riba inalipwa kutoka mkopo huohuo. Lazima tuidhinishe 231. Jedwali la vyanzo vya fedha na matumizi yake linaihitaji, na uwezo wa kurejesha mkopo unapimwa kwa deni lote. Nimeona watu wakiitoa kila mahali, kisha fedha zinakwisha kabla mitambo haijafungwa.

Mchambuzi wa miradi: Hapo sina ubishi. Ni majedwali mawili. Muulizaji, fanya jaribio hili: shikilia kiwango cha punguzo palepale, kisha badilisha sehemu ya mkopo kutoka yote hadi sifuri. Kabla ya kodi, ziada ya mradi isitikisike. Ikitikisika, riba imevuja kwenye safu ya ujenzi.

Muulizaji: Nimejaribu, imetikisika. Ila kuna jambo sikulisema: mkataba wa mauzo unakokotoa bei juu ya 231, si juu ya 200.

Mchambuzi wa miradi: Basi hayo ni mapato, yaache yote ndani. Mnunuzi anakulipa fedha taslimu, haijalishi fomula yake imeanzia wapi. Riba yenyewe inabaki nje.

Mhasibu: Na kodi? Mamlaka ikinikubalia uchakavu juu ya 231, nafuu ile nayo ni fedha taslimu.

Mchambuzi wa miradi: Kama kiwango cha punguzo tayari kimepunguzwa kwa nafuu ya kodi ya riba, tumia uchakavu wa 200, usije ukaihesabu mara mbili.

Mhasibu: Lakini kiwango hicho kinadhani nafuu naipata mwaka uleule wa riba. Mimi naipata kidogo kidogo kwa miaka 20. Hesabu yako inanipa zaidi ya ninachopata.

Mchambuzi wa miradi: Kweli, inazidisha kidogo. Njia safi ni kupima mradi kama hauna deni, kisha nafuu ya kodi uiweke peke yake kwa tarehe zake. Kamati nyingi hazina subira nayo.

Mhasibu: Yangu itabidi iwe nayo. Sijakubali bado.