Ghala limeezuliwa Kibaigwa, nisaidieni barua pepe ya kudai bima

MamaNafaka: Habari za jioni wakuu. Usiku wa tarehe 14 Januari upepo uliezua mabati ya ghala langu hapa Kibaigwa, mahindi yakalowa. Asubuhi yake nilimpigia wakala. Kwa maandishi sijatuma kitu, na leo ni tarehe 20. Nimeandika hivi:

"Ghala langu limeharibiwa na mvua. Nimepoteza magunia 60 ya mahindi, kila moja 85,000, jumla 5,100,000. Picha nimeambatanisha. Naomba mnilipe mapema."

Inatosha?

Kijana_wa_Mpwapwa: Nenda polisi kwanza ukachukue RB. Bila RB hakuna bima inayolipa.

BajajiYangu: Mimi bajaji iligongwa Nkuhungu, nimezungushwa miezi minne. Hivi bima ndogo inalipa bajaji yangu au ya aliyenigonga?

Mzee wa Mizani: Bajaji, fungua uzi wako. RB ni muhimu kwenye wizi. Kwa upepo, chukua barua ya mtendaji yenye tarehe ya tukio.

Mama, 85,000 ni bei ya kununulia au ya kuuzia?

MamaNafaka: Ya kuuzia. Nilinunua 70,000.

Mzee wa Mizani: Hapo ndipo utakapokwama. Bima ya mali kwa kawaida inarudisha gharama, faida haimo. Andika 60 mara 70,000, yaani 4,200,000, na uambatanishe risiti za manunuzi. Taja kilo pia, maana Kibaigwa tunaijua lumbesa na mkadiria hasara ataiuliza. Siku ile ghalani kulikuwa na magunia mangapi, na mzigo umekatiwa bima ya kiasi gani?

MamaNafaka: Magunia 240, yote bei hiyohiyo. Bima ni 12,600,000. Ila 20 yaliyolowa nimeshamuuzia mfuga nguruwe, 600,000 yote.

Mzee wa Mizani: Aisee, ungesubiri wayaone kwanza. Usilifiche: eleza yalianza kuota ukungu, weka picha na karatasi ya mnunuzi. Hasara inabaki 3,600,000.

Sasa lenye uchungu. Mzigo wako ulikuwa wa 16,800,000, nawe umekatia robo tatu tu. Wengi watakulipa robo tatu ya hasara, 2,700,000, kisha wapunguze kile kiwango cha hasara unachotakiwa kubeba mwenyewe. Anza hivi:

"Yah: Dai la bima, polisi ya bima namba ____. Usiku wa 14/01 upepo uliezua paa la ghala langu Kibaigwa. Nilitoa taarifa kwa simu kwa wakala wenu tarehe 15/01. Magunia 60 yalilowa, gharama 4,200,000. 20 yameuzwa kwa 600,000 kwa sababu yalianza kuharibika. 40 yapo, njooni myakague. Nimeambatanisha daftari la stoo, risiti, picha na barua ya mtendaji."

Tuma leo. Kesho soma polisi yako: moto na radi huwemo, dhoruba mara nyingi huongezwa kwa malipo.

MamaNafaka: Nimetuma saa hii. Polisi ina ukurasa wa "dhoruba na mafuriko", ila wakala hajaweka tiki popote. Premiamu nililipa yote aliyonitajia.

Mzee wa Mizani: Piga picha ukurasa huo, na tafuta risiti ya premiamu. Hapo sijui watasemaje.