Naomba ushauri: barua ya mwaliko kwa Kiingereza kwa mshirika wetu wa biashara kutoka Uturuki

Mkamuaji_Singida
Wakuu, habari za kazi. Kampuni yetu inakamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Mhandisi wa kiwanda cha Uturuki kilichotuuzia mashine anatarajia kututembelea kuanzia tarehe 10 hadi 17 Agosti 2026, na ameomba barua ya mwaliko kwa Kiingereza ili aiambatishe kwenye maombi ya viza mtandaoni. Maelezo niliyopewa na mkurugenzi ni haya: mgeni anakuja kujadiliana nasi kuhusu ununuzi wa mashine ya pili, na akiwa hapa atatutengenezea ile ya kwanza, ambayo inavuja mafuta. Sisi tutagharamia malazi, chakula na usafiri wa ndani, na tiketi ya ndege italipwa na kiwanda chake. Katika rasimu yangu nimeandika kwamba anakuja kwa "business visit" na kwamba "we will take care of him during his stay". Je, inatosha?

Mwana_Ughaibuni
Ndugu, barua peke yake haitoshi. Nilipomwalika mdogo wangu huku Ujerumani nilitakiwa kwenda ofisi ya wageni kusaini hati ya kuwajibika kwa gharama zake zote, na nikapeleka hati zangu za mshahara. Anza na hati hiyo.

Karani_Mkuu
Ndugu Mwana_Ughaibuni, hayo ni ya Ujerumani. Mwenzetu anamwalika mgeni aje Tanzania. Kwa ushauri wangu, apeleke barua kwa wakili igongwe muhuri, kwa sababu bila wakili haina nguvu. Pia aandike jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na namba ya pasipoti.

Bi_Forodha
Kuhusu jina na namba ya pasipoti, Karani yuko sahihi kabisa. Kuhusu wakili, barua ya namna hii kwa kawaida husainiwa na mkurugenzi na kugongwa muhuri wa kampuni, juu ya karatasi yenye anwani na simu zinazopatikana, kisha huambatishwa nakala ya cheti cha usajili wa BRELA.

Ndugu Mkamuaji, linalonipa wasiwasi zaidi ni lile la mashine. Mkurugenzi amekutajia madhumuni mawili, lakini "business visit" inaeleza la mazungumzo tu. Kutengeneza mashine ni kazi ya muda, na kwa kazi hiyo Uhamiaji wana viza ya biashara, ambayo ada yake ni dola 250, wakati viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50. Mgeni akiomba ile ya dola 50, kisha akakutwa kiwandani ameshika spana, matatizo yatamwangukia yeye na kampuni yenu. Taja yote mawili, ili naye ajue aombe viza ipi.

Kwenye gharama, "take care" haimwambii afisa ni nani analipa nini, na mgeni mwenyewe anaweza kuielewa kuwa mtamlipia hata hospitali akiugua. Andika kila gharama pamoja na mlipaji wake. Ningeandika hivi:

```
He will visit our sunflower oil mill in Singida
from 10 to 17 August 2026 to discuss the purchase
of a second oil press and to repair the press
we bought from his company.

Our company will pay for his hotel, meals and
transport within Tanzania. His employer will pay
for his return air ticket, visa fee and travel
insurance.
```

Tazama kwamba mwezi umeandikwa kwa jina lake. Ukiandika 10/08, wapo watakaosoma tarehe 8 Oktoba.

Mkamuaji_Singida
Ahsante sana, dada. Ada ya viza na bima hazikuwa kwenye maelezo ya mkurugenzi. Je, niziandike hivyo hivyo?

Bi_Forodha
Hapana, usiziandike kabla hamjakubaliana na kiwanda chake. Mimi nimeziweka ili uone mahali pake. Muulize mkurugenzi, kisha mwandikie mshirika barua pepe. Akikubali kwa maandishi, ndipo ziingie kwenye barua.

Fundi_Mitambo
Naomba kuuliza jambo linalofanana na hilo. Sisi mgeni wetu hatashika chombo chochote, atasimama tu na kuwaelekeza mafundi wetu wafungue wapi. Je, hiyo nayo ni kazi?

Bi_Forodha
Hilo siwezi kukuamulia, ndugu yangu. Nimeona watu wakilielewa kwa namna mbili. Waandikie Uhamiaji mkieleza atakachofanya siku kwa siku, na msubiri jibu lao kabla mgeni hajalipia viza.

Karani_Mkuu
Mimi bado ningepitia kwa wakili, hasa kwa aya ya gharama.