Tupeane uzoefu: Mnyama akikutana tena na mwenzake, anamwamkia vipi?

Njia_ya_Jozani:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kazi yangu ni kuwatembeza wageni msituni Jozani, na kila siku nawaona kima punju kwa karibu kabisa. Kuna jambo limenikaa kichwani. Kima punju wa kundi moja wanashinda pamoja, na mmoja akimsogelea mwenzake hakuna shamrashamra. Anakuja, anakaa ubavuni mpaka manyoya yanagusana, anainamisha shingo, na mwenzake anaanza kumchambua. Basi. Lakini mbwa wa jirani zangu hapa Pete, mmoja akirudi kutoka shamba, wale wengine wanamzunguka, wanamnusa, wanamlamba mdomo, mikia haitulii.

Naomba tukusanye tulichokiona kwa macho yetu. Mnyama akikutana na mwenzake anafanya nini hasa, nani anaanza, na inatuonesha nini juu ya uhusiano wao? Sizungumzii mbwa anavyomlaki bwana wake. Mnyama kwa mnyama.

Msasi_wa_Muyuni:
Wa alaykum salaam. Kwa mbwa naweza kusema kitu, maana sisi huwatoa kwenda kusaka nguruwe wanaomaliza mihogo ya watu, na mbwa hutoka kwa wenyewe mbalimbali. Wengine hawajaonana tangu msimu uliopita.

Mbwa wenye adabu hawaendeani uso kwa uso. Mmoja anakuja kwa kupinda, kama anayetaka kupita pembeni, macho hayakazi. Wanafikishana pua mdomoni kidogo, kisha kila mmoja anapitisha pua ubavuni mwa mwenzake mpaka nyuma chini ya mkia. Huko nyuma ndiko kuna tezi zenye harufu yake mwenyewe. Anayenuswa anasimama, anajiachia. Sekunde mbili tatu, wanaachana, mara nyingi mmoja anajikung'uta kama katoka majini. Ukiona kujikung'uta, ujue limepita salama.

Likienda vibaya utaliona mapema. Mmoja anakakamaa, anaweka kidevu juu ya bega la mwenzake, mkia umesimama wima na ncha yake inatetemeka, na macho hayatoki. Hapo usipige kelele wala usiingize mguu kati. Geuka uondoke ukimwita wako, mara nyingi atakufuata na yule mwingine atalegea.

Tulichojifunza ni kwamba ugomvi mwingi unatokana na kamba. Mbwa aliyeshikwa kamba ikakazwa hawezi kupinda, hawezi kutoa ubavu, analazimika kwenda kifua mbele. Mwenzake anaona kaja kwa shari. Kwa hiyo siku ya msako tunakutana mahali pa wazi, tunawafungua wote mbali mbali, tunatembea sote upande mmoja, na wao wanasalimiana njiani. Kundi ambalo salamu zao zimekamilika halisumbui mbele ya nguruwe.

Kijana_Mkwajuni:
Mimi naona jambo ni jepesi. Mkia ukitikisika ni furaha. Na mdogo ndiye humwamkia mkubwa, kama sisi tulivyolelewa. Nimeona filamu ya sokwe wa Gombe, mdogo anakuja ameinama anahema kwa miguno mbele ya yule dume mkubwa, na mkubwa hata hamjibu. Wanyama wote wako hivyo.

Msasi_wa_Muyuni:
La, kijana wangu, mkia peke yake usiuamini. Nimeshaona mbwa anatikisa mkia na huku anauma. Tazama mwili mzima. Mkia ukitikisika na kiuno kikienda nao, mwili umelegea, hapo sawa. Mwili ukiwa kama ubao, mkia hausaidii kitu.

Mkulima_Konde:
Nyie mnaongelea salamu, sisi huku Pemba tumbili wanatusalimia kwa kutung'olea mihogo. Mwenye dawa ya kuwafukuza tumbili atuambie. Nimeweka sanamu, wamekuja wakaikalia.

Mstaafu_wa_Misitu:
Mkulima, pole sana. La kuwafukuza lifungulie mjadala wake, wapo wenye uzoefu watakujibu. Lakini hao tumbili wako wanahusika na swali hili kuliko unavyofikiri. Ukikaa kimya pembeni mwa shamba utasikia wanatoa miguno midogo ya chini wanaposogeleana. Kule Amboseli, Kenya, watafiti Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waliirekodi miguno hiyo. Kwa masikio yetu inafanana. Wakaficha spika vichakani, wakaicheza mmoja mmoja. Mguno ambao tumbili huutoa akimsogelea mkubwa wake uliwafanya wasikilizaji waitazame ile spika. Mguno wa kuona kundi jingine uliwafanya watazame mbali, kule spika ilikoelekea. Maana yake wao wenyewe wanaitofautisha miguno hiyo, hata bila ya kumwona anayeitoa.

Sasa nije kwa kijana wa Mkwajuni. Kwa sokwe umesema kweli. Ile miguno ya kuhema huenda upande mmoja tu, kutoka kwa wa chini kwenda kwa wa juu, na watafiti huitumia kupanga nani yuko juu ya nani. Pia sokwe hutawanyika vikundi vidogo vidogo, wakutane baadaye, na kila wakikutana inabidi mambo yao yawekwe sawa upya. Nadhani hilo ndilo linalomjibu Njia_ya_Jozani kwa sehemu kubwa: wanaoachana na kukutana ndio wenye salamu kubwa.

Ila "wote wako hivyo" hapana. Nilifanya kazi bara miaka mingi, Mikumi, na nyani wa kule wana mambo mengine. Dume la nyani ana meno ya chonge yanayoweza kumpasua mwenzake. Madume wawili siku nzima wanaweza wasikaribiane. Kisha mmoja anainuka, anakuja moja kwa moja kwa mwendo wa haraka wa kujiyumbisha, anamtazama mwenzake machoni, masikio ameyalaza nyuma, macho kayafinya, midomo inachezacheza haraka haraka kama anatafuna. Mwenzake akitaka, anajibu kwa uso uleule. Asipotaka, anatazama pembeni na mambo yanaishia hapo. Wakikubaliana, mmoja anageuza makalio, mwingine anamshika kiunoni, na wakati mwingine anapeleka mkono anamgusa au kumvuta korodani. Samahani kwa wenye haya, lakini ndiyo salamu yenyewe. Sekunde chache, wanaachana kwa mwendo uleule wa haraka.

Barbara Smuts na John Watanabe walizifuatilia salamu hizi kwa madume ya kundi moja karibu na Gilgil, Kenya, wakachapisha mwaka 1990. Madume vijana, wenye nguvu na wanaogombania ukubwa, salamu zao nyingi zilikatika njiani. Mmoja anakwepa kugeuka, mwingine anataka yeye ndiye ashike, wanazungukana, wanaachana. Wazee zao zilikamilika mara nyingi zaidi. Kulikuwa na wazee wawili, watafiti waliwaita Alex na Boz, waliokuwa wakisaidiana kwa miaka. Kijana mwenye nguvu akiwa na jike, wazee hao hushirikiana kumkabili mpaka wamnyang'anye, jambo ambalo mmoja peke yake asingeliweza. Salamu za hao wawili zilikuwa na kitu cha pekee: zamu. Leo huyu anashika na yule anashikwa, safari nyingine wanabadilishana, karibu sawa kwa sawa.

Hapo hakuna mdogo wala mkubwa. Mwenye meno kama yale anapokupa mgongo na sehemu ambayo ukiiumiza kizazi chake kimekwisha, anakuonesha kwamba anakuamini, na wewe unaonesha kwa kutomuumiza. Ndiyo maana salamu iliyokatika nayo ina la kutueleza, kama iliyokamilika. Nisichoweza kukwambieni ni kipi kinatangulia: salamu ndiyo inayojenga usuhuba, au usuhuba ndio unaoruhusu salamu.

Kijana_Mkwajuni:
Shukrani, mzee wangu. Na mbwa mdogo anayemlamba mkubwa mdomo? Hiyo si heshima ya mdogo kwa mkubwa?

Msasi_wa_Muyuni:
Hiyo ipo, na asili yake ni tumbo. Kitoto cha mbwa humlamba mama yake mdomoni ili amtapikie chakula, na mbwa mwitu hufanya hivyo mpaka leo watu wazima wakirudi kutoka mawindoni. Wangu mmoja ni mtu mzima lakini akikutana na jike aliyemlea analala karibu chini, masikio nyuma, anamlamba pembe za mdomo. Yule jike hamtapikii kitu. Anasimama tu, anageuza uso pembeni, mkia unakwenda taratibu. Chakula hakipo tena, ukaribu ndio umebaki.

Mama_Fuoni:
Mimi nina kisa changu na kinanisumbua. Tuna mbwa wawili wa kulinda ua, madume, wamekua pamoja tangu wadogo. Juzi mdogo alipelekwa kwa daktari wa mifugo kushonwa kidonda cha mguu, akalala huko usiku. Aliporudi, mkubwa akamkimbilia getini kama kawaida, akamnusa, mara akamrukia. Ndugu aliyekua naye! Tangu hapo tunawatenganisha. Kamsahau kwa usiku mmoja?

Mstaafu_wa_Misitu:
Hakumsahau, mama. Naona harufu ndiyo iliyobadilika. Katoka na dawa, spiriti, mikono ya watu na mbwa wengine. Mkubwa alimwona ndugu yake, pua ikamwambia ni mwingine. Mpe siku chache, mfute kwa kitambaa alicholalia mwenzake.

Msasi_wa_Muyuni:
Kwa heshima yako, mzee, mimi nasema ni mguu. Mwenye kidonda anatembea amekakamaa, hawezi kupinda, hatoi ubavu, na akiguswa anaruka. Mkubwa kaona mwili wa kutaka shari. Nimeliona hilo kwa mbwa waliojeruhiwa na nguruwe na hawakwenda kwa daktari yeyote. Na pia ilikuwa getini, mahali pembamba, hakuna nafasi ya kuzunguka. Msiwakutanishe getini tena. Kidonda kikishapona, watoeni wote wawili nje, kila mmoja na mtu wake, kamba ilegee, mtembee upande mmoja mkiachana hatua kumi, mzisogeze kidogo kidogo.

Njia_ya_Jozani:
Wengi wetu hatuwaweki mbwa ndani kwa sababu ya mate yao, kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wetu wanaishi na wenzao nje kuliko na sisi. Nadhani ndiyo maana visa vya hapa ni vizuri hivi. Mama Fuoni, tupe habari ukishawatoa.

Mama_Fuoni:
Nyuzi zimetolewa, tumewatoa jana jioni mpaka uwanjani. Wametembea vizuri, mdogo kanusa kwanza, mkubwa kageuza uso pembeni kama alivyoeleza Msasi, hakuna aliyekakamaa. Ila tulipokaribia getini mkubwa mkia ukapanda. Tukamwingiza mmoja kwa mlango wa nyuma. Harufu ya dawa ilikwisha siku nyingi, kwa hiyo mimi naanza kuegemea upande wa geti. Mstaafu, unasemaje?