Mrejesho: salamu za ugua pole kwa Kihindi

Niliuliza: "Bibi yake mke wangu, mzaa mama, amelazwa hapa Mombasa. 'Ugua pole, bibi' nitaiandikaje kwa Kihindi?"

Ahsanteni sana, wapendwa. Nilifuata ushauri wa kutotafsiri "ugua pole" neno kwa neno. Kihindi humwombea mgonjwa apone upesi. Nikaandika: "Naniji, aap jaldi thik ho jaiye." Nani ni bibi mzaa mama, mzaa baba ni dadi. Aliyenibadilishia "tum" ikawa "aap", yaani "wewe" ya heshima, Mungu ambariki, mkubwa haambiwi tum.

Kilichokwama ni kadi. Niliinakili kwa hati ya Kihindi, kumbe yeye amezoea kusoma Kigujarati. Mke wangu akamsomea sikioni. Bibi akanishika mkono, hakuuachia mpaka muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha.