Mrejesho: ile kendo nyekundu ya dhahabu

Niliuliza: "Chati ya siku, kendo nyekundu ndefu, volyumu kubwa kuliko zote karibuni, ila imefunga katikati. Ninunue?"

Wakuu, nilisubiri kama kaka wa Kirumba alivyonishauri. Aliniambia nguvu yote ile ya kuuza na bado bei haikubaki chini, basi kuna mtu anapokea, ila subiri uthibitisho. Kesho yake ikapanda kinyonge, kendo fupi, volyumu ndogo kuliko siku mbili za nyuma, imefunga chini ya katikati yake yenyewe, yaani wanunuzi wakubwa bado hawapo, na kweli ikarudi mpaka karibu na mkia wa chini wa ile kendo nyekundu. Safari hii volyumu ikakauka kabisa, wauzaji wameisha! Kendo iliyofuata ilipofunga juu nikanunua, stopu chini ya mkia. Ila volyumu ya MT5 kwenye dhahabu ni idadi ya mara bei ilivyobadilika kwa broka wako tu, linganisheni na ya fyucha.