Naomba ushauri: CodeFormer inaziba mwanya wa shangazi
Wakuu, nimefundisha LoRA ya shangazi, kwa ridhaa yake. Picha ikitoka, uso una ukungu lakini ni yeye. Nikipitisha CodeFormer, mwanya unazibika, pua inachongoka, anabaki mrembo fulani tu nisiyemjua. Sababu naielewa: uso mdogo hauna pikseli za kutosha, kwa hiyo inajazia kwa nyuso ilizojifunza. Nimepandisha `CodeFormer weight` hadi 0.8 (0 ndiyo hubadilisha zaidi). Mwanya umerudi, na ukungu nao. Sasa nataka kuizima kabisa, nichore upya uso pekee kwa inpaint, `Only masked`, LoRA ikiwa imewashwa, `Denoising strength` 0.35. Kwa uso mdogo hivyo, nyie mnaanzia ngapi bila kupoteza sura?